KOPO NI LILE LILE, MBONA MIMI NILICHELEWA?

Msomaji wangu, wiki hii naomba nijianike mwenyewe, maana nimeshawaanika wengi. Miezi mitatu iliyopita nilitoa laki moja na ishirini kununua kopo la unga mweupe. Hapana, siyo huo unaoufikiria! Ni kreatini, ule unga unaouzwa kwenye maduka ya vyakula vya wanamichezo, ambao siku hizi kila kijana wa jimu anautikisa kwenye chupa ya maji kama mtoto na njuga.

Hela yenyewe ilikuwa ya nauli ya Moshi. Mwaka huu nilikuwa nimepania kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathoni, na muuzaji akaniapia kwamba kopo lile litanipa pumzi mpaka nishangae. Mshikaji wangu mmoja, mbeba vyuma wa siku nyingi, alikuwa pembeni. Akasema, "Mzee, tugawane. Nusu yako, nusu yangu." Tukagawana kiroho safi.

Baada ya wiki nne mshikaji alikuwa anachekelea. Mimi nilikuwa mzito zaidi na nakimbia taratibu zaidi. Kopo moja, kipimo kimoja, kijiko cha gramu tano kila siku. Sasa kwa nini?

DAFTARI HALIDANGANYI

Kabla hujasema ni mambo ya bahati, tazama namba zetu. Mshikaji wangu ana daftari la mazoezi analolitunza kuliko anavyomtunza mchumba wake. Kabla ya kreatini, akichuchumaa na vyuma vya kilo 80 mabegani kwa seti nne, alikuwa anafikisha mara 8, kisha 7, kisha 6, na ya mwisho 4. Jumla mara 25. Baada ya wiki nne, kwa uzito ule ule na mapumziko yale yale ya dakika tatu, akawa anapata 8, 8, 7 na 5. Jumla 28.

Angalia vizuri hapo. Seti ya kwanza haikubadilika hata kidogo, ni 8 kwa 8. Tofauti imekuja kwenye zile za nyuma, pale miguu inapoanza kutetemeka. Mara tatu za ziada kwa kilo 80 ni kilo 240 alizoinua zaidi kwa siku moja. Kweli, sehemu ya hizo ni matunda ya mazoezi yenyewe, lakini pale alikuwa amekwama kwa muda mrefu.

Upande wangu sasa. Mimi nilikuwa na kilo 68, na kilomita 10 nilikuwa nazimaliza kwa dakika 52 na sekunde 10. Baada ya wiki nne mzani ukasema kilo 69 na nusu kasoro kidogo, na saa ikasema dakika 53 na sekunde 5. Njia ile ile ya ufukweni, saa ile ile ya alfajiri. Nikaenda kumfokea muuzaji, akaniambia niongeze kipimo. Ndivyo biashara ilivyo!

PAJA NA KIDARI

Aliyenitoa tongotongo ni dada mmoja mtaalamu wa viungo, anayewanyoosha wachezaji wakiumia. Nilimkuta anakula chipsi kuku. Nikamsalimia, "Shikamoo dada," akaitikia, kisha akanisikiliza kesi yangu mpaka mwisho bila kucheka. Halafu akainua paja la kuku.

"Mdogo wangu, hii nyama mbona nyeusi, na ile ya kidari nyeupe?"

Nikasema ndivyo Mungu alivyomuumba.

"Kuku anatembea kutwa nzima anachakura," akasema. "Hiyo ni kazi ya mapaja. Yamejaa nyuzi za taratibu, zenye damu nyingi na hewa nyingi, ndiyo maana ni meusi. Kidari kinaendesha mabawa, na kuku anapiga mabawa lini? Akifukuzwa! Sekunde chache tu, kwa nguvu zote, basi. Hizo ni nyuzi za kasi."

Sisi binadamu hatukugawanywa hivyo kwamba mguu mzima uwe wa aina moja. Ndani ya kila msuli nyuzi za aina zote mbili zimechanganyika, na mchanganyiko unatofautiana mtu na mtu. Wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu mara nyingi hukutwa na asilimia 70 hadi 80 ya nyuzi za taratibu kwenye miguu. Kwa wale wa mita 100 mambo yamegeuka, za kasi ndizo zimejaa.

Nyuzi zote zinatumia nishati moja inayoitwa ATP. Tatizo ni kwamba ATP iliyopo kwenye msuli ni ya sekunde mbili hivi tu za kazi ya nguvu zote. Ikipungua lazima irudishwe hapo hapo. Njia ya haraka kuliko zote ya kuirudisha ni akiba inayoitwa fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba mzigo wa fosfeti, tayari kuukabidhi. Akiba hiyo nayo inakata ndani ya sekunde kumi na kitu ukienda kwa nguvu zote. Njia nyingine, ya kutumia hewa, haikatiki upesi, lakini inakuja polepole.

WAKALA WAWILI

Nilikuwa bado natoa macho, dada akanipa mfano ambao sitausahau. Akasema, fikiria wakala wawili wa kutoa pesa kwa simu.

Wa kwanza ana kibanda mlango kwa mlango na benki. Wateja wake wanakuja mmoja mmoja. Pesa taslimu zikipungua anavuka tu barabara anachukua nyingine. Huyo ndiyo uzi wa taratibu. Matumizi yake ni madogo, na benki yake, yaani hewa na vile viwanda vidogo vya nishati viitwavyo mitokondria, iko pale pale.

Wa pili yuko mbali na benki, na wateja wake wanakuja kwa mkupuo, kama mwisho wa mwezi. Foleni ndefu, kila mtu anataka laki mbili, tena sasa hivi. Huyo ana droo kubwa kidogo kuliko mwenzake, na kweli nyuzi za kasi zina fosfokreatini nyingi kidogo kuliko za taratibu hata mtu akiwa amekaa tu. Lakini matumizi yake ni ya haraka mara kadhaa. Droo ikikauka, foleni inasimama, na safari ya benki ni ndefu.

"Sasa," akasema, "waongezee wote wawili pesa kwenye droo, asilimia 20 kila mmoja. Nani ataona tofauti?"

Hata mtoto wa chekechea anajua. Yule wa mwisho wa mwezi atahudumia watu kadhaa zaidi kabla hajafunga dirisha. Yule wa jirani na benki atasema asante, halafu maisha yataendelea kama jana, kwa sababu droo haikuwa tatizo lake tangu mwanzo.

Hapo ndipo wengi tunapopotea, msomaji. Tunadhani kreatini ina macho, inaingia kwenye nyuzi za kasi na kuziruka za taratibu. Siyo hivyo. Inaingia kwenye zote. Ile asilimia 20 siyo ya kubuni pia: mwaka 1996 watafiti wa Sweden walipima misuli ya wanaume waliokunywa gramu 20 kwa siku kwa siku sita, na wengine gramu 3 tu kwa siku kwa siku 28. Wote waliishia na ongezeko la karibu asilimia 20.

Mwaka huo huo, watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwapandisha wanaume tisa kwenye baiskeli ya maabara, wakakanyaga kwa nguvu zote sekunde 30, wakapumzika, wakarudia. Waliwachoma sindano nene pajani kuchukua vipande vya msuli, wakatenganisha nyuzi moja moja na kupima. Siku tano za kreatini ziliongeza akiba kwenye nyuzi za aina zote mbili, na kazi iliyofanyika ikapanda kwa kama asilimia 4. Lakini walipouliza nani amepanda zaidi, jibu lilifuata nyuzi za kasi. Aliyejaziwa zaidi kwenye nyuzi za kasi ndiye aliyefanya kazi zaidi. Ongezeko la kwenye nyuzi za taratibu halikutabiri kitu cha maana.

NA MIMI JE?

Ukikimbia mwendo wa kuweza kupiga stori, mwili unaita kwanza nyuzi za taratibu. Za kasi zinabaki zimelala, zinaamshwa mzigo ukiwa mzito, mwendo ukiwa mkali, au zile za kwanza zikichoka. Kwa hiyo katika dakika zangu 52 za kilomita 10, kazi kubwa ilikuwa ya yule wakala wa jirani na benki. Nilikuwa nimemjazia droo mtu asiye na foleni.

Ubaya ni kwamba droo ina uzito. Kreatini ikiingia kwenye msuli inavuta maji yaende nayo. Ndiyo maana wengi huongezeka kilo moja hadi mbili mwanzoni, hasa wanaojaza kwa gramu 20 kwa siku. Siyo kitambi wala siyo misuli mipya, ni maji yaliyo ndani ya msuli. Kwa mbeba vyuma haidhuru kitu. Kwa mkimbiaji kila kilo inabebwa hatua kwa hatua.

Piga hesabu yangu. Nilipanda karibu kilo 1.4 kutoka 68, yaani asilimia 2. Gharama ya kukimbia inapanda karibu sawa na uzito, na asilimia 2 ya dakika 52 ni kama dakika moja. Mimi nilichelewa sekunde 55. Siapi kwamba ni hiyo tu, maana mkimbiaji mmoja na saa yake siyo maabara, huenda siku ile jua lilikuwa kali au usiku nililala vibaya. Ila mwaka 1993 huko Sweden wakimbiaji waliopewa kreatini kwa siku sita waliongezeka karibu kilo moja, na muda wao kwenye kilomita 6 za njia ya vilima ukaharibika badala ya kupungua. Kwa hiyo siko peke yangu kwenye aibu hii.

KWA NINI WENGINE HAWAONI KITU

Usifikiri kila mbeba vyuma ataona alichokiona mshikaji wangu. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada waliwapa kreatini wanaume 11 kwa siku tano. Watatu walijaa vizuri, watano kidogo, na watatu karibu hawakujaa kabisa. Waliojaa vizuri walikuwa na sifa mbili: walianza na akiba ndogo, na walikuwa na nyuzi nyingi zaidi za kasi.

Hiyo ya akiba ndogo inahusu sahani. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu nne na nusu za kreatini, na samaki naye anayo. Mla nyama choma wa kila siku droo yake imeshajaa nusu na robo, na msuli una kikomo chake, ukifika hapo zinazobaki zinaishia chooni. Lakini mtu wa ugali na maharage, anayeiona nyama kwenye sherehe, ana nafasi kubwa ya kujaza.

Nyuzi zako mwenyewe huwezi kuzihesabu sebuleni, hiyo ni kazi ya ile sindano nene. Kwa hiyo usijiulize, "Mimi ni wa aina gani?" Jiulize, "Kazi ninayoifanya inaita nyuzi gani?" Kama ni juhudi ya nguvu zote ya sekunde chache hadi nusu dakika, inayorudiwa tena na tena na mapumziko katikati, basi kreatini ina kazi hapo. Vyuma vya mara 3 hadi 12, mbio fupi za kurudia, ndondi, mpira wa kikapu. Kama ni kukimbia au kuendesha baiskeli saa nzima bila kubadili gia, nunua viatu.

Mapumziko nayo ni sehemu ya dawa. Baada ya juhudi ya nguvu zote, nusu ya akiba hurudi kwa kama nusu dakika au zaidi kidogo, na karibu yote ndani ya dakika tatu hadi tano, nyuzi za kasi zikichelewa kuliko za taratibu. Ukipumzika sekunde 20 kwa sababu unaona haya kukaa chini jimu, unakwenda seti ya pili na droo tupu, na laki yako na ishirini hujaitendea haki.

Nisikuzuge pia kwamba nyuzi za taratibu hazipati kitu milele. Mwaka 1999 huko Marekani wanaume walioinua vyuma vizito kwa wiki 12 huku wakinywa kreatini walinenepesha nyuzi za aina zote kuliko wenzao waliopewa unga wa kuzugia. Lakini kilichonenepesha ni ile kazi ya ziada, na kazi hiyo ilikuwa ya vyuma vizito. Unga bila mzigo haufanyi kitu.

NUSU KOPO LA MDOGO WANGU

Sasa nilikuwa na nusu ya nusu yangu imebaki, na ndipo mdogo wangu alipobisha hodi. Ana miaka 19, anacheza winga, na ameitwa majaribio kwenye timu moja ya hapa mjini. Kwao kule wanapimwa kwa mbio sita za mita 30, na mapumziko ya sekunde 25 tu kati ya moja na nyingine. "Braza, naomba huo unga," akasema. "Na mimi nipate pumzi."

Nikamwambia, kwanza siyo pumzi. Nikamkalisha, nikamweleza habari za wakala. Kisha nikampeleka kwa yule dada.

Dada akamuuliza maswali matatu. Figo zake zina historia yoyote? Hapana. Nyama anakula mara ngapi? Akacheka: Jumapili, kama mama yupo. Majaribio lini? Wiki tano zijazo. Akasema sawa, muda unatosha, hakuna haja ya kujaza gramu 20 kwa siku na kuharisha bure. Gramu tano kila siku baada ya chakula, na kama pesa ya unga ingetoka kwenye pesa ya chakula, basi chakula kwanza. Akaongeza kwamba akienda kupima damu amwambie daktari kuwa anatumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda kidogo kikamshtua mtu bure. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari.

Tulimpima siku ya kwanza, uwanja wa shule, mimi na saa yangu. Mbio ya kwanza sekunde 4.3, ya sita 4.9. Alikuwa anapoteza sekunde 0.6 kati ya mwanzo na mwisho, na hapo ndipo mabeki wanapomkamata dakika ya 80. Mara mbili kwa wiki akafanya mbio za mita 30 za nguvu zote, mwanzoni kwa mapumziko ya dakika mbili na nusu ili kila mbio iwe kali kweli, halafu wiki mbili za mwisho akapunguza mpaka sekunde 25 kama atakavyopimwa. Siku nyingine moja skwati nzito.

Juzi tumempima tena. Ya kwanza sekunde 4.3, haijatikisika. Ya sita 4.6. Saa ya mkononi inaweza kudanganya kwa sehemu ya kumi au mbili, na mazoezi yenyewe yamechangia, sitaki kuupa unga sifa zote. Lakini umeiona sura yake? Ni ile ile ya daftari la mshikaji: mwanzo pale pale, mwisho umepanda. Ukiona hivyo kwenye namba zako, droo inafanya kazi. Wiki nne zikipita na namba za mwisho hazijasogea, mpe mwingine kopo.

Mzani wake umeongezeka gramu 800. Kwa winga wa mbio fupi anazibeba.

Majaribio ni Jumamosi. Mimi nimeacha unga wiki ya sita sasa, maana akiba hurudi mahali pake kwa kama mwezi hivi, na juzi nimerudi kwenye dakika 52. Nauli ya Moshi bado naitafuta. Mshikaji amekubali kunirudishia hela ya nusu yake, ila anasema nisubiri mwisho wa mwezi. Foleni, anasema, ni ndefu!